Tatu na leo: orodha ya wahisiwa wa kipindupindu kutoka madaftari ya zahanati

Kisa hiki ni cha kata moja ya pwani, Mkoa wa Lindi, mvua za Januari zikiwa zimeshika. Majina ya vitongoji nimeyaacha, na tarehe na idadi nimezisogeza ili familia za wagonjwa zisitambulike. Makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Nilifika zahanati Alhamisi tarehe 18. Nilikuta wagonjwa kwenye mikeka barazani, ndoo ya maji ya klorini mlangoni, na kijana wetu wa takwimu amekaa na kompyuta mpakato juu ya boksi la dripu. Usiku uliopita alikuwa ameshamaliza kile wenzetu wanachokiita laini listi, yaani orodha ambayo kila mgonjwa ana mstari wake mmoja: namba, umri, jinsia, anakoishi, tarehe alipoanza kuumwa, tarehe aliyofika, kipimo, na hatima yake. Alikuwa na mistari 43 na grafu tayari. Katika grafu ile, mwamba mmoja uliwazidi wenzake wote: Jumatatu tarehe 15, wagonjwa 18.

Na kwa kuwa Jumamosi tarehe 13 kulikuwa na arusi kubwa kijijini, kesi ilikuwa imekwisha hukumiwa. Pilau ndiyo mwuaji. Mama mzazi wa bibi harusi alikuwa hatoki nje tena, na mtu mmoja alishapeleka maneno kwa mtendaji kwamba wapishi wakamatwe.

Kwa hesabu ya juujuu, hukumu ile haikuwa ya kijinga. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku tano tangu mtu ameze vimelea mpaka aanze kuharisha, na wengi huanza ndani ya siku mbili tatu. Chakula cha Jumamosi, wagonjwa Jumatatu: inaingia. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu, kwamba ule mwamba wa Jumatatu ni wa watu walioanza kuumwa Jumatatu, au waliofika zahanati Jumatatu.

Nikamwambia kijana anifungulie safu ya tarehe ya kuanza. Kila mstari, tarehe ya kuanza ilikuwa sawa na tarehe ya kufika. Wote 43. Hakuna mlipuko wa namna hiyo duniani. Watu hawaharishi wakiwa wamepanga foleni.

Alinieleza bila kuficha. Alipokuwa anaingiza, Excel ilikuwa inamletea tarehe za Julai. Sisi tuko Januari. Akadhani manesi wamekosea kuandika, akazifuta, akaweka tarehe ya kufika ili pasibaki patupu. Nikaomba daftari lenyewe.

Zahanati ilikuwa na vitabu viwili. Kipo Kitabu cha MTUHA namba 5, cha wagonjwa wa nje, ambacho kina jina, umri, makazi na ugonjwa, basi. Halafu, tangu mambo yalipochachamaa, nesi wa zamu alifungua kauntabuku pembeni na kuandika zaidi. Mstari mmoja wa kauntabuku ulisomeka hivi: "Me, 34, kuharisha maji 3/7, anatapika, macho yameingia ndani, dripu 2, rufaa."

Ile 3/7 haikuwa tarehe 3 Julai. Ni mkato ambao kila aliyesoma uuguzi anaujua: namba ya juu ni idadi, ya chini inasema unahesabu nini. Saba ni siku za wiki, kwa hiyo 3/7 ni siku tatu. 3/52 ni wiki tatu, 3/12 ni miezi mitatu. Excel haijasoma uuguzi. Ukiiandikia 3/7 inakugeuzia kuwa tarehe, na kutegemea kompyuta ilivyopangwa inaweza kuwa 3 Julai au 7 Machi.

Nikamfuata nesi, aliyekuwa anabadilisha dripu.

"Dada, hii ni siku tatu?"

"Siku tatu, kaka. Mbona mnaniuliza mara mbili?"

"Tatu na leo, au tatu bila leo?"

Akasimama kidogo. "Tatu na leo. Mgonjwa anakwambia leo siku ya tatu, mimi naandika tatu."

Jibu hilo ni la Kiswahili kabisa, na linabadili hesabu kwa siku moja. Aliyefika Jumatatu tarehe 15 akasema leo siku ya tatu, alianza Jumamosi tarehe 13, si Ijumaa tarehe 12. Mgeni anayetoa 3 kutoka 15 anampeleka mgonjwa nyuma zaidi ya alivyosema. Nikampa kijana safu mpya ya kuandika namba tupu ya siku, bila mkwaju, na fomula iwekwe kwenye safu ya kuanza. D ni tarehe ya kufika, F ni idadi ya siku:

```
=D2-(F2-1)
```

Mistari mingi ilirekebishika hivyo. Iliyobaki ilikuwa na maneno, na maneno yana mitego yake. "Tangu jana" ni rahisi. "Tangu juzi" inaweza kuwa siku mbili zilizopita kweli, na inaweza kuwa "siku za karibuni" tu. Mgumu kuliko yote ni usiku. Mtu anafika asubuhi ya tarehe 12, anasema "ilianza jana usiku, saa 8". Saa 8 usiku kwetu ni saa mbili baada ya usiku wa manane, na kwa kalenda ya kompyuta hiyo tayari ni tarehe 12. Yeye kwa maisha yake ni jana, kwa sababu hajalala akaamka. Na mzee wa pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" huenda anasema usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao mwandishi wa mjini atauandika Alhamisi.

Tulikubaliana kanuni moja: saa ikishavuka usiku wa manane, tarehe ni ya siku inayofuata, na tunaitumia hivyo kwa wote. Pia tukaongeza safu fupi inayoonyesha tarehe imetoka wapi: imehesabiwa kutoka kauntabuku, ameulizwa mwenyewe kwa simu, au amesema ndugu. Kukosea siku moja hakuvurugi picha ya ugonjwa huu. Kinachovuruga ni kosa la siku tatu nne linaloegemea upande mmoja, kama lile la kujaza tarehe ya kufika.

Kabla ya kuchora upya ilibidi kujua watu ni wangapi, maana mistari 43 si watu 43. Zahanati ilikuwa na mistari 27 na kituo cha afya, palipofunguliwa kambi ya matibabu, kilikuwa na 16. Sita walikuwa wamepewa rufaa kutoka huku kwenda kule, wakaandikwa kote. Mmoja aliruhusiwa akarudi kesho yake. Wakabaki 36.

Kuwapata hao saba hakukuwa kwa kutafuta majina yanayofanana. Pwani hii ukiita Hamisi Saidi barabarani wanageuka wanne. Na mwanamke yule yule zahanati aliandikwa kwa jina lake, kituo cha afya akaandikwa Mama fulani, kwa sababu aliyemleta alikuwa shemeji yake na shemeji hamtaji kwa jina. Tulilinganisha jinsia, umri kwa kupishana miaka miwili mitatu, kitongoji, na kama tarehe ya rufaa ya huku inaingiana na tarehe ya kupokelewa kule. Palipobaki shaka tulipiga simu.

Umri nao ulikuwa na mkwaju. Mtoto mmoja aliandikwa 8/12, miezi minane, akaingizwa kuwa ana miaka 8. Hili si dogo. Kabla mlipuko haujatangazwa, Shirika la Afya Duniani humhesabu mhisiwa kuwa mtu wa miaka 2 au zaidi aliyeanza ghafla kuharisha majimaji na kuishiwa maji sana, au aliyefariki kwa kuharisha majimaji. Umri ule wa chini umewekwa kwa kuwa watoto wachanga huharisha kwa sababu nyingine nyingi kila siku. Timu ilikubaliana fasili pana kidogo ya kufanyia kazi: miaka 2 au zaidi, kuharisha kulikoanza ghafla, kinyesi cha majimaji kisicho na damu, mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, awe mkazi au aliyelala kwenye kata ile tangu tarehe 1. Kiwango cha kuishiwa maji tulikipa safu yake, ili anayetaka fasili kali achuje mwenyewe.

Kwa fasili hiyo walitoka watatu: yule wa miezi minane, mwingine aliyekuwa na damu kwenye choo, na mzee aliyeandikwa 3/52, ambaye wiki tatu za kuharisha zina habari yake tofauti. Hatukuwafuta. Walibaki kwenye orodha na alama ya "si mhisiwa", maana aliyefutwa leo kesho anaingizwa tena na mtu mwingine mwenye daftari lile lile. Wahisiwa wakawa 33.

Ukiwapanga hao 33 kwa tarehe ya kufika, mwamba wa Jumatatu bado upo, watu 14. Ukiwapanga kwa tarehe ya kuanza, unabomoka. Wawili walianza Jumatano tarehe 10, watano tarehe 11, tisa Ijumaa tarehe 12, kisha saba, watano, watatu, wawili. Kilele ni Ijumaa. Watu 16 kati ya 33 walikuwa wameshaanza kuharisha kabla ya siku ya arusi. Wengine wao walikwenda arusini hivyo hivyo, wakarudi nyumbani mapema.

Mwamba wa Jumatatu ulitoka wapi basi? Nesi alicheka nilipomwonyesha. Jumamosi na Jumapili alikuwepo yeye peke yake, na watu walikuwa wanakunywa maji ya chumvi na sukari na vidonge vya duka la dawa. Jumatatu asubuhi mtendaji wa kata alizunguka na kipaza sauti kwenye bodaboda akitangaza kwamba anayeharisha aje zahanati. Wakaja. Grafu ya kwanza ilikuwa imechora kipaza sauti.

Hilo halisemi kwamba pilau ilikuwa salama. Walioanza tarehe 14 na 15 wanaweza kuwa waliupata pale, kwa kuwa watu waliokwisha kuambukizwa walikuwa wananawa kwenye beseni moja na wengine. Linasema tu kwamba ugonjwa haukuanzia pale. Niliomba mwenyekiti wa kijiji akaseme hivyo kwa mama wa bibi harusi, na alikwenda jioni ile ile.

Sasa eneo. Hapa safu ilikuwa imejaa vizuri na haina maana, kwa sababu karibu kila mstari uliandikwa jina la kijiji. Ukiwa nesi wa kijiji hicho utaandika nini kingine? Mgonjwa mmoja aliandikwa "Rahaleo", na kijana akamweka Lindi mjini, kumbe ni wa Rahaleo ya Mtwara. Miji yote miwili ina kata ya jina hilo. Kwa hiyo sasa tunaandika kuanzia wilaya, kata, kijiji mpaka kitongoji, hata kama inachosha.

Lakini kitongoji peke yake kisingetusaidia. Anakoishi mtu na alikolala siku tano kabla ya kuumwa ni mambo mawili. Tuliwatuma wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize swali moja la ziada: siku tano kabla hujaanza kuumwa, ulilala wapi na maji ya kunywa ulichota wapi? Majibu yalianza kurudi na neno ambalo halikuwa kwenye daftari lolote. Dago.

Asiye wa pwani ajue kwamba dago ni kambi ya wavuvi, vibanda vya makuti ufukweni wanapohamia kwa wiki kadhaa kufuata samaki. Haina mwenyekiti, haina balozi, haimo kwenye orodha ya vitongoji, na mvuvi akiulizwa anakaa wapi anataja kwao. Dago hili lilikuwa mwendo wa saa moja kwa mashua kutoka kijijini. Maji yao yalitoka kwenye kisima kifupi cha mchangani, na choo ni kichaka nyuma ya vibanda. Mvua zikinyesha, kichaka kinateremkia kisimani.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji cha jirani na bandari ndogo, mtu mzima, na nikaanza palipo na adabu.

"Shikamoo, mzee. Poleni na misiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Misiba mingapi, mzee, tangu mwaka uanze?"

Akahesabu kwa vidole. Miwili. Mmoja ni kijana mvuvi aliyeletwa na mashua kutoka dago, amelegea, akafa kabla hajafikishwa zahanati. Alianza kuharisha tarehe 9, akazikwa tarehe 10. Wa pili ni shangazi yake, bibi aliyefua mashuka na nguo za marehemu. Alianza tarehe 13, akafa nyumbani usiku wa kuamkia tarehe 15. "Huyo umri ulikuwa umefika," mzee alisema, na ndivyo kijiji kizima kilivyosema. Hakuna daftari lolote lililokuwa nao.

Tukawaongeza, namba 034 na 035 za wahisiwa, chanzo cha tarehe kikiwa ndugu. Wahisiwa 35. Kati ya wanane walioanza tarehe 9 hadi 11, sita walikuwa wamelala dago.

Wale 17 walioanza tarehe 12 na 13 walikuwa na picha nyingine. Waliolala dago ni watatu tu, lakini 11 walikwenda msibani kwa mvuvi. Mwenzetu mmoja aliruka: basi ni msiba! Hapo nilimzuia, kwa sababu kijijini nani hakwenda msibani? Orodha ya wagonjwa ina kasoro hiyo ya kuzaliwa nayo: inakwambia wagonjwa walifanya nini, haikwambii wazima walifanya nini. Tukawauliza majirani 20 wasioumwa. Waliokwenda msibani ni 12. Wagonjwa 11 kwa 17, wazima 12 kwa 20, hakuna tofauti ya kuzungumzia.

Swali lililoleta tofauti lilikuwa la chakula cha jioni ndani ya nyumba ya marehemu, wali uliopikwa mchana ukaliwa usiku. Wagonjwa 10 kati ya 17 walikula, wazima 3 kati ya 20. Na waliokuwa wakipakua ni wanawake wale wale waliokuwa wakifua. Idadi ni ndogo, na mgonjwa hukumbuka alichokula kuliko mzima. Lakini inaingiana na tarehe: chakula cha tarehe 10, kuumwa tarehe 12. Sikuiandika kwenye ripoti kama uthibitisho. Niliandika kwamba inaelekea ugonjwa ulianzia dago, ukaingia kijijini kwa mgonjwa na msiba, na kwamba kisima cha dago kichukuliwe sampuli na kufungwa bila kusubiri majibu. Vipimo vya haraka viwili vilikuwa vimeonyesha chanya, na vinyesi vimepelekwa maabara kuoteshwa, maana kipimo cha haraka peke yake hakitoshi kuthibitisha.

Imebaki safu ya hatima, nayo ndiyo iliyozua ubishi na ofisi. Kijana alikuwa ameandika "rufaa" kuwa hatima kwa watu sita. Rufaa ni safari. Hatima ya mtu huyo iko kwenye daftari la alikopokelewa, na mmoja wa hao sita ndiye aliyefia kituo cha afya. Ukisoma daftari la zahanati peke yake, zahanati haikupoteza mtu. Wengine sita walikuwa bado wodini siku ile, na hao huandikwa hivyo hivyo, "bado wodini". Si wazima mpaka waruhusiwe. Wawili walitoroka na dripu mkononi, wakaandikwa "hajulikani" mpaka mhudumu alipowafikia nyumbani.

Ubishi ulikuwa juu ya vile vifo viwili vya nyumbani. Mkubwa mmoja alitaka vibaki nje, kwa hoja kwamba hawakupimwa wala kutibiwa. Hoja ya kupimwa haisimami, kwa sababu fasili ya Shirika la Afya Duniani inamtaja waziwazi aliyefariki kwa kuharisha majimaji. Hoja ya kutibiwa ina maana, lakini jibu lake ni kuvitenga, si kuviacha. Kifo kimoja kati ya 33 waliofika kwenye huduma kinapima matibabu yetu, na tayari kimezidi ile asilimia 1 ambayo matibabu mazuri hayatakiwi kuivuka. Vifo viwili vya nje vinapima umbali: mashua, saa moja, na mtu asiyejua pa kwenda. Tuliviandika mistari miwili tofauti, na jumla yake chini, vifo 3 kwa wahisiwa 35.

Nakala yenye majina ilibaki wilayani. Iliyotumwa mkoani ilikuwa na namba tu, na namba hazibadilishwi hata mgonjwa akigundulika baadaye kuwa alitangulia wengine. Kwa hiyo ukiipanga orodha ile kwa tarehe ya kuanza, mstari wa juu kabisa unasomeka 034, Me, dago, kuanza tarehe 9, tarehe ya kufika patupu.